Bajeti ya redio jamii: kwenye karatasi tuna ziada, mishahara ya miezi minne hatujalipa. Tuichambue wakuu

Mtunza_Daftari

Wakuu habari za jioni. Mimi ndo nimepewa uhasibu kwenye redio jamii moja huku kanda ya ziwa, wilaya ya pamba, transmita ya kilowati 1, tuko hewani saa 18 kwa siku, tunafungua saa 12 asubuhi tunafunga saa 6 usiku. Bodi inakaa mwisho wa mwezi huu na wanataka bajeti ya mwaka mpya, mwenyekiti kaniambia chukua ya mwaka jana ongeza asilimia kumi tupitishe, ila nimeiangalia naona haiwezekani.

Ya mwaka jana ilikuwa hivi. Mapato ya kuuza airtime tuliandika milioni 75: matangazo ya biashara 30, vipindi vya kulipiwa vya halmashauri, taasisi na mashirika 36, na matangazo madogo yale ya vifo, mikutano, vitu vilivyopotea, minada na salamu 9. Matumizi milioni 72, humo wafanyakazi pamoja na kamisheni 42, umeme 9, usafiri 6, leseni na ada zingine 4, mafuta ya jenereta 3.6, matengenezo 3, intaneti na simu 2.4, ofisi 2. Bodi wakafurahi kuna ziada ya milioni 3.

Kilichotokea sasa, pesa iliyoingia kweli ni milioni 51. Watu tisa hawajalipwa miezi minne, usafiri na matengenezo tulikata karibu vyote, na mwezi wa 11 ampli ya transmita ikaungua tukakaa kimya siku kadhaa mpaka mjumbe mmoja wa bodi akatukopesha milioni 6.5. Na ankara tulitoa zote milioni 75 kama tulivyopanga, yaani kwenye mauzo lengo tulifikia kabisa! Nianzie wapi kuwaeleza bodi?

Kijana_wa_Town

Mkuu kama ni biashara ya airtime faida yake ni ndogo sana, kamisheni ya vocha ni kidogo tu, bora ufungue wakala wa pesa hapohapo ofisini utalipa hao watu.

Mtunza_Daftari

Hapana ndugu, nazungumzia muda wa hewani wa redio, dakika za matangazo. Vocha hatuuzi.

Kijana_wa_Town

Ooh sawa mkuu. Nafuatilia basi.

Mama_Vipindi

Mtunza_Daftari pole mdogo wangu. Nimekaa kwenye umeneja wa redio ya jamii miaka mingi na hiyo picha uliyoleta naijua vizuri. Kabla sijasema kitu naomba unigawie hiyo 51 kwa makundi yaleyale matatu uliyotumia kwenye mapato. Usinipe jumla, nipe kila kundi limeleta ngapi.

Mtunza_Daftari

Nimepiga hesabu mama. Matangazo madogo yote 9 imeingia, maana mtu analipa dirishani ndo linasomwa. Biashara kati ya 30 imeingia 22. Taasisi na halmashauri kati ya 36 imeingia 20.

Mama_Vipindi

Haya sasa bajeti yako imeanza kuonekana. Lile kundi ambalo bodi inaliona dogo ndilo pekee linaloleta shilingi yake yote, na lile kubwa kuliko yote ndo linaloleta nusu na kidogo. Ukichukua ya mwaka jana ukaongeza asilimia kumi maana yake unaongeza na madeni asilimia kumi. Ankara hailipi LUKU.

Mimi bajeti nilikuwa naiandika kwa fedha inayoingia, mwezi kwa mwezi, na kila kundi la wateja naliandika kwa tabia yake ya kulipa. Duka la pembejeo mjini nikilitumia ankara ya mwezi wa 5 nategemea mwezi wa 6, na huko kwenu kwa pamba najua mwezi wa 5 mpaka wa 8 soko likiwa limefunguliwa maduka yanalipa, mwezi wa 2 na wa 3 hakuna mtu ana hela. Taasisi ya umma nikiituma mwezi wa 5 naandika kwenye bajeti mwezi wa 9, na hapo natamani tu. Ukifanya hivyo utaona wazi mwezi gani mtakwama kabla hamjakwama.

Lingine, hao wa taasisi wanapokulipa wanakata kodi ya zuio asilimia 5 ya huduma. Kwa hiyo ile 20 iliyoingia ilikuwa inalipa ankara za kama milioni 21. Hiyo milioni 1 usiiweke kwenye madeni, hawatakulipa tena kamwe, wanatakiwa wakupe cheti cha zuio uende nacho TRA. Redio nyingi zinadai hela ambayo ilishaenda serikalini, na cheti hawakuchukua.

Halafu nijibu hili, kamisheni ya watu wa masoko mnalipa lini?

Mtunza_Daftari

Asilimia 10, mteja akishasaini mkataba tu wanalipwa mwezi huohuo. Kwa biashara na taasisi, yale madogo hayana kamisheni.

Mama_Vipindi

Ndo hapo. Mmelipa 6.6 kwa mauzo ya 66, na kilichoingia ni 42, kwa hiyo 2.4 mmeitoa taslimu kwa ajili ya hela ambayo hamjaiona. Na ubaya wake mkubwa hauko kwenye hiyo 2.4. Afisa masoko akishalipwa siku ya kusaini hana sababu ya kurudi kudai, na pia hana sababu ya kuogopa mteja asiyelipa, anamsainisha tu. Kamisheni ilipwe siku hela inaposoma benki. Watanuna mwezi wa kwanza, wa tatu utashangaa wanajua mpaka jina la mhasibu wa kila mteja.

Sauti_ya_Soko

Mimi ni mtu wa masoko nitetee wenzangu kidogo. Anayesaini ni mimi ila anayeamua muda wa kulipa ni meneja, ananipigia simu ananiambia huyo mkuu wa taasisi ni mtu wetu rusha tu atalipa. Nimerusha tangazo wiki tatu, ankara imekaa miezi saba, halafu kamisheni yangu ndo inashikwa? Mkitaka kunilipa hela ikiingia basi na mimi nipewe mamlaka ya kusimamisha tangazo la asiyelipa. Vinginevyo mnanibebesha deni la meneja.

Mama_Vipindi

Sauti_ya_Soko hapo huna kosa na nakubaliana na wewe. Anayedai awe na uwezo wa kusimamisha. Na mteja mpya alipe nusu kabla.

Mwana_Makueni

Salamu kutoka Kenya. Hii shida ni yetu pia, mimi nko na community station huku Ukambani na wenye wanatuua ni mashirika ya miradi. Mradi ukikuja wa miaka miwili mnaajiri watu watatu, mnaongeza vipindi, mradi ukiisha mshahara wa hao watu unabaki kwa bajeti ya station. Sisi tuliamua pesa ya mradi ikue na laini yake, mtu wa mradi ako na mkataba wa mradi, ukiisha anaenda ama anakuwa volunteer. Iliuma, lakini vile ilikua mbeleni tungefunga.

Pia mimi ningeuliza hizo saa 18 ni za nini. Sisi tulipunguza tukabaki 14.

Fundi_Mnara

Nimeingia kwa ajili ya umeme na hiyo ampli, ya masoko nawaachia wenyewe.

Milioni 9 kwa mwaka ni laki saba na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ukiweka VAT na zile tozo mbili uniti moja inakuja kama shilingi 356, kwa hiyo mnachoma uniti 2,100 hivi kwa mwezi. Transmita ya kilowati 1 ya siku hizi inavuta ukutani kama kilowati 1.6, saa 18 mara siku 30 ni uniti 864. Studio yenye kompyuta mbili, mixa na taa tuseme uniti 200 na kitu. Jumla haifiki 1,100. Hizo elfu moja nyingine zinaenda wapi? Chumba cha transmita kina viyoyozi vingapi?

Mtunza_Daftari

Viwili, vinawaka muda wote, tuliambiwa visizimwe.

Fundi_Mnara

Nilijua. Fanya jaribio moja halihitaji fundi. Usiku wa leo mkifunga matangazo saa 6, mlinzi aangalie mita ya LUKU aandike uniti zilizobaki, saa 12 asubuhi kabla hamjawasha aandike tena. Muda huo transmita imezimwa, studio imezimwa. Uniti zitakazokuwa zimepungua ndo gharama ya kupooza mashine ambayo haifanyi kazi.

Juakali_77

Wakuu mbona mnahangaika, dawa ni sola. Transmita inavuta wati 1600 si ndio? Panel nne za wati 400 ni wati 1600, weka betri kidogo, TANESCO mnawaaga kabisa na umeme kwenye bajeti unakuwa sifuri. Au kama sola hela hamna punguzeni nguvu iwe wati 500, umeme unakuwa nusu. Mtapoteza nusu ya wasikilizaji lakini si mtabaki hai.

Fundi_Mnara

Juakali_77 uko sahihi nusu kwenye yote mawili. Panel ya wati 400 inatoa wati 400 jua likiwa kichwani. Ukiihesabu kwa siku nzima ni kama saa tano za jua kali, kwa hiyo panel nne zinakupa uniti 8 kwa siku na hapo hujatoa kinachopotea kwenye betri na inveta. Transmita inataka karibu uniti 29 kwa siku. Na kumbuka masaa yenu ya kusikilizwa ni alfajiri na jioni, jua halipo, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye betri, na betri ndo kitu cha kwanza kufa kwenye mfumo wa sola. Utakuwa umehamisha gharama kutoka LUKU kwenda kwenye vifaa. Siipingi sola, kwa sehemu ambayo gridi inakatika kila siku na mnaendesha kwa jenereta inalipa haraka, maana uniti ya jenereta ni kama mara tatu ya bei ya TANESCO. Ila "sifuri" haipo.

Kwenye nguvu, ukishusha toka 1000 hadi 500 transmita itavuta kama wati 900, unaokoa wati 700. Wasikilizaji nusu hawapotei. Mawimbi ya FM yanaenda mpaka macho ya antena yanapofika, urefu wa mnara ndo unaamua kuliko wati. Watakaopotea ni wale wa pembeni kabisa na wale walio nyuma ya kilima, mjini hawatagundua chochote. Mchana saa nne mpaka saa kumi na mbili jioni mkiendesha nusu mnaokoa kama uniti 5 na nusu kwa siku, kama elfu 60 kwa mwezi. Ni hela lakini mteja wenu anaweza kuwa yuko hukohuko nyuma ya kilima, AMCOS na maduka ya senta. Mjaribu siku moja mpige simu vijijini muulize, na muangalie leseni inasemaje kabla.

Mtunza_Daftari

Nimeleta majibu ya mita. Usiku saa 6 uniti 61.4, asubuhi saa 12 uniti 52.3. Yaani uniti 9 na redio imelala! Mlinzi mwenyewe kashangaa.

Fundi_Mnara

Uniti 9 mara 356 mara siku 30 ni kama elfu 96 kila mwezi. Hiyo ni hela ya kupooza chumba kitupu usiku.

Na hata mchana viwili ni vingi. Transmita inavuta 1600 inatoa 1000 kwenye antena, joto linalobaki chumbani ni la wati 600, kiyoyozi kimoja kidogo kinalimaliza huku kikipumzika. Shida huwa chumba chenyewe, dirisha la kioo linaangalia magharibi, bati halina dari, hewa ya moto ya transmita inatoka nyuma inazunguka ndani kisha kiyoyozi kinapambana nayo. Weka bomba la bati nyuma ya transmita lipeleke hewa ya moto nje moja kwa moja, ziba dirisha, kiyoyozi kimoja kiwe kwenye digrii 26 na kizimwe dakika kumi na tano baada ya kufunga. Cha pili kibaki akiba. Mkifanya hivyo bili ya mwaka itashuka toka 9 kuja kama 6.9, labda na chini zaidi.

Mpemba_wa_Bahari

Assalaam alaykum. Fundi kwa heshima, hilo la kutoa hewa nje na kuingiza ya nje mie nalipinga kwa huku kwetu. Pemba hewa ya bahari ikiingia chumbani mashine haimalizi mwaka, chumvi inakula kila kitu, viunganishi vinaota kutu ya kijani. Sisi tumefunga chumba kabisa na kiyoyozi kinakausha hewa, na tunalipa umeme wake kwa kuwa hatuna budi. Hata usiku hatuzimi.

Fundi_Mnara

Waalaykum salaam. Umesema kweli, pwani ni habari nyingine na mimi ningefanya kama nyie. Bara adui ni vumbi, na kwa wilaya ya pamba vumbi na nyuzi msimu wa mavuno, kwa hiyo hewa inayoingia lazima ipite kwenye chujio na chujio lioshwe kila wiki. Lisipooshwa feni inakosa hewa na hapo bora mngebaki na viyoyozi viwili.

Mtunza_Daftari hiyo ampli iliungua vipi? Mlikuwa mnaandika namba za transmita?

Mtunza_Daftari

Kuna daftari fundi wetu wa kujitolea anajaza, nimelipekua. Kwenye skrini kuna FWD na REF. Mwezi wa 2 REF imeandikwa 5. Mwezi wa 8 ni 12. Mwezi wa 10 mvua zilipoanza 28, halafu 40. Mwezi wa 11 ndo ikaungua usiku wa mvua. Aliandika tu, hakumwambia mtu.

Fundi_Mnara

Daftari lenu lilikuwa linasema kila kitu. REF ni nguvu inayokataliwa na antena ikarudi. Wati 5 kwenye 1000 ni safi. Ikipanda taratibu vile na ikaruka mvua inaponyesha, ni maji yameingia kwenye kiunganishi au kwenye kebo juu ya mnara. Siku kavu inashuka, ya mvua inapanda. Mtu wa kupanda mnara, kufungua, kukausha, kubadilisha kiunganishi kimoja na kufunga upya kwa utepe wa raba haigharimu hata laki tatu. Mkaja kulipa 6.5. Bado sijui kama radi nayo ilichangia, hilo mtaona mkifungua kifaa cha kuzuia radi, ila hiyo 40 peke yake ilitosha kuichosha ampli.

Kwa hiyo kabla hujawasha kwa nguvu zote hakikisha hicho kiunganishi kimebadilishwa, la sivyo ampli mpya inafuata njia ileile. Mmebadilisha?

Mtunza_Daftari

Mh. Nimeuliza, walibadilisha ampli tu. REF leo ni 33.

Fundi_Mnara

Shusheni nguvu iwe 400 leo hii mpaka mpate mpandaji. Usisubiri bodi.

Mtunza_Daftari

Nimempigia fundi sasa hivi, ameshusha. Asante sana mkuu.

Sasa kwenye bajeti, vifaa niviwekeje? Mwaka jana kulikuwa na "matengenezo 3" tu. Mwenyekiti anasema vifaa tulipewa na wafadhili, havikununuliwa, kwa hiyo haviingii kwenye gharama.

Mama_Vipindi

Vilikuja bure lakini vinakufa kwa tarehe zilezile za vile vya kununua, na mfadhili aliyeleta cha kwanza hajaahidi cha pili. Chukua kila kifaa, andika bei ya kukinunua LEO mpaka kifike kwenu na ushuru, siyo bei ya wakati mlipopewa, gawa kwa miaka kitakayoishi. Kisha hiyo hela inatoka kila mwezi kama LUKU.

Mtunza_Daftari

Nimeomba bei kwa wauzaji wawili, nimefanya hivi. Transmita milioni 20 miaka 10, inakuwa 2 kwa mwaka. Antena na kebo 6 miaka 12, laki 5. Mixa 3 miaka 6, laki 5. Kompyuta za studio na uhariri 3 miaka 4, laki saba na nusu. Maiki na rekoda za vijijini 2.1 miaka 3, laki 7. Betri za UPS 1.5 miaka 3, laki 5. Stabilaiza na kinga ya radi 1.5 miaka 5, laki 3. Jumla 5.25 kwa mwaka, kama laki nne na arobaini kwa mwezi. Nimekosea wapi?

Fundi_Mnara

Hujakosea pa kutisha. Miaka 10 ya transmita ni kama feni na pawa saplai mnazibadilisha njiani, hizo ziwe kwenye matengenezo. Na msiondoe stabilaiza kwenye orodha bodi ikianza kukata, maana huwa wanaanza na hiyo. Umeme ukirudi baada ya kukatika huwa unarudi na kishindo, ingefaa na kifaa cha kuchelewesha dakika tatu kabla transmita haijapokea.

Mpemba_wa_Bahari

Kwa huku antena miaka 12 ni ndoto, mie naandika 6. Kila mtu aangalie kwake.

Mama_Vipindi

Na hiyo laki nne na arobaini iende akaunti nyingine kabisa, saini ziwe za watu wa bodi wawili, meneja asiwemo. Ikikaa akaunti moja na mishahara italiwa mwezi wa 2 hela zikikauka, naongea kitu nilichokiona zaidi ya redio moja. Bei ziangaliwe upya kila mwaka kwa sababu bei za vyote hivyo zinafuata dola.

Mtunza_Daftari

Sasa wakuu nimekaa usiku nimeunganisha yote, na matokeo yananitisha. Mapato ya fedha 51. Natoa kwanza mfuko wa vifaa 5.25, umeme 6.9, mafuta 3, leseni na ada 4, intaneti 2.4, matengenezo 3, ofisi 2, usafiri nimeuweka 3. Jumla kama 29.5. Inabaki 21.5 kwa ajili ya watu. Yaani 1.8 kwa mwezi. Sasa hivi mishahara na kamisheni ni 3.5 kwa mwezi. Hata bila mfuko wa vifaa isingetosha. Na sijagusa mishahara ya miezi minne ya nyuma, karibu milioni 12 ukitoa kamisheni ambayo ilishalipwa, wala mkopo.

Mama_Vipindi

Mdogo wangu hiyo ndo bajeti yenu ya kweli, na ilikuwa hivyo mwaka jana pia. Tofauti ni kwamba mwaka jana wafanyakazi ndo waliziba pengo kwa kutolipwa, bila mtu kuwauliza.

Madeni ya zamani: 24 toa ile 1 ya kodi ya zuio inabaki 23. Usiiweke kwenye bajeti ya mwaka mpya hata senti. Mkikusanya nusu, iende yote kwenye mishahara ya nyuma na mkopo, na wafanyakazi waione orodha ya nani anadaiwa.

Kwa mwaka mpya ningepeleka bodi watu watano wa mkataba: meneja, mhariri, fundi, masoko na wewe mwenyewe nusu muda, wengine walipwe kwa kipindi walichotengeneza.

Sauti_ya_Soko

Mama hapo sikubali. Mtangazaji akilipwa kwa kipindi atatengeneza kile chenye mtu wa kumlipa. Kipindi cha kero za maji kijijini nani atakitengeneza? Ataenda kule diwani anakotoa posho. Redio inakuwa ya mwenye hela. Bora wote tisa wapunguziwe kwa usawa kuliko hivyo.

Mwana_Makueni

Tulijaribu hiyo ya kupunguza wote. Wenye walikua wazuri wakaenda stesheni za kibiashara Nairobi, tukabaki na wenye hawana pa kwenda. Mimi nasema punguza masaa. Saa 14, wakati wa usiku nani anaskiza?

Mtunza_Daftari

Kwetu saa 4 usiku mpaka saa 6 kuna wavuvi wa dagaa wanasikiliza wakiwa ziwani, wananipigia simu wenyewe, na walinzi. Matangazo hatuuzi muda huo hata moja, lakini ndo watu wanaotuma salamu za kulipia asubuhi yake. Mchana saa 7 mpaka saa 9 ndo hakuna simu kabisa. Ila kukata mchana kunaokoa umeme kidogo tu, transmita saa 2 kwa siku ni kama elfu 34 kwa mwezi, haifanani na pengo la milioni.

Fundi_Mnara

Ni kweli, pengo lenu halipo kwenye umeme. Umeme unaleta hiyo 2 kwa mwaka na basi.

Mama_Vipindi

Basi angalia kundi la dirishani, lile la 9. Hapo hakuna deni na hakuna kamisheni. Tangazo la kifo mnatoza ngapi?

Mtunza_Daftari

5,000 kwa mara tatu, tangu redio ianze. Mnada elfu 10.

Mama_Vipindi

La kifo msiguse, watu wa kijijini wakiwa na msiba redio ndo simu yao. Mnada, mikutano ya vikundi, shule binafsi zinazotafuta wanafunzi mwezi wa 12 na wa 1, hao waangalieni upya, na muweke wakala wa kupokea matangazo kwenye senta kubwa kwa malipo ya simu, mtu asilazimike kupanda gari mpaka studio. Sisi tulifanya hivyo na kundi hilo lilikua kuliko yote, ingawa sitakuahidi kwenu litafika ngapi.

Sauti_ya_Soko

Hiyo ya mawakala naiunga mkono, ila kwenye bajeti msiandike ongezeko mpaka miezi mitatu ipite muone.

Mtunza_Daftari

Nimeelewa. Bodi nawapelekea karatasi mbili. Moja ya fedha mwezi kwa mwezi yenye 51, na nyingine ya madeni peke yake, jina kwa jina, pamoja na vyeti vya zuio ambavyo hatuna. Mfuko wa vifaa naweka juu kabisa pamoja na LUKU. Suala la watu naweka njia zote mbili, ya watano na ya kupunguza wote, na nitaomba wafanyakazi wawepo kwenye kikao wasikie namba wenyewe, kabla haijapitishwa.

Mpandaji wa mnara anakuja Alhamisi, anataka laki mbili na themanini pamoja na kiunganishi. Fundi_Mnara, akifungua nimwambie apige picha za sehemu gani?

Fundi_Mnara

Kiunganishi cha kebo kuu kwenye kigawanyaji, kwa ndani, ile pini ya katikati na raba yake. Halafu kila mkono wa antena pale kebo inapoingia. Ukiona rangi ya kijani au weusi ndani ya kebo yenyewe, mwambie akate mpaka afike kwenye shaba inayong'aa. Na uandike REF kabla na baada, mkiwa 400 zote mbili, usichanganye na ya 1000.

Mpemba_wa_Bahari

Na asitumie ile gundi ya silikoni yenye harufu ya siki, inakula shaba. Utepe wa raba tu, juu yake utepe mweusi.

Mtunza_Daftari

Nimeandika. Picha nazileta hapahapa Alhamisi jioni.